Kusoma Karatasi ya Taipureta Iliyofifia

Anayeanza kazi ya kunukuu nyaraka za zamani kutoka kwenye picha za skana huogopa mwandiko wa mkono. Akifungua faili akakuta kurasa zilizopigwa taipureta, hushusha pumzi: herufi zimetengana, mistari imenyooka, hakuna mkia wa herufi moja unaoingia tumboni mwa nyingine. Raha hiyo huisha afikapo kwenye barua iliyopigwa kwa utepe uliochoka. Nusu ya maneno yamebaki kivuli, a na e zimeziba zikawa madoa, herufi moja imeruka juu ya mstari na nyingine haikugusa karatasi kabisa. Hapo wengi huusoma ukurasa huo kama wanavyosoma mwandiko, yaani hulitazama neno zima, wakakisia, wakaendelea. Kwenye mwandiko njia hiyo ina msingi. Kwenye taipureta huzaa nakala nzuri, inayosomeka bila kukwama, yenye maneno ambayo karani hakuyapiga.

Nyaraka za namna hii zimejaa Afrika Mashariki. Katika Tanganyika ya Waingereza kila wilaya ilikuwa na kitabu chake, ambacho mabwana shauri waliopokezana kazi waliongezea kurasa, nyingine kwa kalamu, nyingine kwa taipureta. Zaidi ya hivyo viko vitu vya kila siku: barua za mabaraza, mihtasari ya vyama vya ushirika, orodha za kodi, taarifa za misheni na za shule. Nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili na makarani waliojua mashine zao vizuri, ila utepe mpya haukupatikana kila mara. Utepe ulipokauka uliendelea kutumika.

Kalamu na taipureta hupoteza wino kwa njia mbili tofauti. Mwandiko ni safari ya mkono. Hata wino ukififia, mstari uliochorwa na kalamu unaendelea kutoka herufi hadi herufi, na jicho linaweza kuufuata: hapa kalamu ilipanda, hapa ikageuka, hapa ikashuka kuanza herufi nyingine. Herufi iliyopotea huacha alama kwa jirani zake, kwa sababu jirani zake zilishikana nayo. Taipureta haina safari. Kila herufi ni pigo moja la chuma juu ya utepe, limekwisha kabla pigo la pili halijaanza. Herufi ikipotea, jirani yake haikuambii lolote kuhusu umbo lake.

Lakini mashine hulipa deni hilo kwa namna yake. Mkono hauandiki a mbili zinazofanana. Mtu mmoja anaweza kuwa na k tatu, moja ya mwanzo wa neno, moja ya katikati, moja ya saa za jioni amechoka. Taipureta ina k moja. Ni kipande kilekile cha chuma kilichopiga mwanzo wa barua na mwisho wake, na kila k ya ukurasa huo ni shahidi wa k nyingine. Kwa hiyo asomaye mwandiko hujifunza mtu, na asomaye taipureta hujifunza mashine kwanza, kisha vidole vilivyoipiga, kisha maneno. Mpangilio huo ndio siri ya kazi yote.

Sifa ya kwanza ya mashine ni nafasi. Taipureta za kawaida huipa kila herufi upana sawa, i nyembamba na m nene zote pamoja. Ukubwa uliozoeleka ni mbili: herufi 10 kwa inchi moja, au 12 kwa inchi moja. Mistari kwa kawaida ni 6 kwa inchi. Ukurasa ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, maana yake ni kwamba kila herufi ya mashine ya kwanza imekaa kwenye chumba cha upana wa pikseli 30, na ya mashine ya pili chumba cha pikseli 25. Ni kama ukurasa mzima umepigwa juu ya daftari la hesabu ambalo mistari yake haionekani. Pima umbali wa herufi kumi zinazosomeka vizuri, gawanya kwa kumi, na umepata chumba. Kuanzia hapo unaweza kuhesabu ndani ya weupe mtupu na kusema kwa uhakika kwamba herufi zilizopotea ni nne, si tatu wala tano. Hakuna mwandiko wa mkono unaokupa zawadi hiyo.

Kuna mipaka. Karani aliyetoa karatasi na kuirudisha ili kusahihisha hakuirudisha mahali palepale, hivyo mistari iliyofuata inahesabiwa upya. Mashine iliyochakaa gari lake huruka chumba au hushindwa kusogea, herufi mbili zikalaliana. Na ziko mashine chache, kama IBM Executive zilizoanza kuuzwa miaka ya 1940, zilizozipa herufi upana tofauti kama za kiwandani. Ukipima mistari miwili mitatu iliyo wazi utajua mapema kama hesabu ya vyumba inakufaa au la.

Sifa ya pili ni nguvu ya pigo. Kwenye mashine isiyo ya umeme, wino unaobaki kwenye karatasi hutegemea kidole. Karani aliyefundishwa kupiga bila kutazama hupiga a, q na z kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na p kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Vidole hivyo ndivyo dhaifu kuliko vyote. Na a ndiyo herufi inayorudi mara nyingi kuliko zote katika Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba barua ya Kiswahili iliyopigwa na karani hodari kwa utepe uliochoka hufifia mahali pabaya kabisa, kwenye a za viambishi na a za mwisho wa vitenzi. Aliyepiga kwa vidole viwili hana tatizo hilo. Mapigo yake yote yanalingana, au yanabadilika ovyo. Ukitazama a kumi za ukurasa utajua una karani wa aina gani, na utajua kama chumba kinachoonekana kitupu kinaweza kuwa na a.

Nguvu hugawanyika pia kwa ukubwa wa uso wa herufi. Nukta, koma, kistari na ile alama ndogo ya ng' zina uso mdogo, kwa hiyo nguvu yote huangukia mahali padogo na alama hutoka nyeusi, pengine ikatoboa karatasi. M na w zina chuma kingi. Nguvu ileile husambaa na herufi hutoka hafifu. Hii ndiyo sababu ya ajabu ile ya ukurasa wenye nukta kali na maneno yasiyoonekana. Mtu asiyejua huona nukta nyeusi katikati ya sentensi akadhani ni doa la wino. Na kinyume chake, akiona chumba chenye ukungu mpana usio na umbo, hudhani kitupu, kumbe ndivyo m inavyoonekana utepe ukiwa umekwisha.

Utepe wenyewe una tabia zake. Ni kitambaa, na herufi iliyopigwa kupitia kitambaa hubeba alama ya nyuzi zake. Ukiikuza picha utaona vitone vitone badala ya weusi mtupu. Ukipanda kidogo kuliko inavyotakiwa, au usipofika, herufi zote za mstari hukatwa juu au chini. Kukatwa chini si tatizo kubwa, kwa kuwa utambulisho wa herufi nyingi uko nusu ya juu. Kukatwa juu ndiko kubaya: h hugeuka n, l hupoteza shingo ikafanana na i, b hubaki kama o. Kama utepe ni wa rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu chini, herufi inaweza kutoka nyeusi kichwani na nyekundu miguuni, na picha isiyo na rangi huigeuza miguu hiyo kijivu kinachokaribia rangi ya karatasi.

Ya tatu ni ulemavu wa mashine, na huo ni rafiki. Mkono wa chuma unaobeba herufi ukipinda kidogo, herufi hiyo itakaa juu ya mstari, au chini, au italala upande mmoja, kila mara, ukurasa hadi ukurasa. Arthur Conan Doyle aliliona jambo hili mapema: katika hadithi yake ya mwaka 1891, "A Case of Identity", Sherlock Holmes anamnasa mtu kwa kasoro za herufi za mashine yake, na baadaye polisi na mahakama zikaja kutumia njia hiyohiyo kwa kweli. Kwa mnukuzi faida yake ni nyingine. Ukijua kwamba t ya mashine hii hukaa juu kidogo ya mstari, basi kivuli kisicho na umbo kilichokaa juu kidogo ya mstari kinaanza kunong'ona jina lake. Herufi kubwa zilizoruka juu ni habari tofauti. Hizo hutokana na karani kutobonyeza kitufe cha herufi kubwa hadi mwisho, kwa hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali na hazikusaidii kuitambua mashine.

Tuchukue mfano, nilioutunga kwa mtindo wa barua hizo ili hatua zionekane. Mstari unasema: *Wazee wa hapa wa*, kisha weupe, kisha *lipa kodi ya mwaka huu*. Anayekisia atajaza mara moja, na atajaza kwa kadiri anavyoijua historia. Kama amesoma kwamba kijiji hicho kiligoma kulipa kodi, ataandika *hawajalipa* akiamini anaona ha hafifu mwanzoni. Kama ameona risiti, ataandika *wamelipa*.

Mwenye kupima huanza na vyumba. Kutoka nafasi iliyotangulia neno hadi a ya mwisho kuna vyumba 8. *Hawajalipa* ina herufi 10, imeondoka. *Wangelipa* ina 9, nayo imeondoka. Kazi ya kuhesabu imekwisha, na hapo Kiswahili kinaleta ugumu wake, kwa sababu *wamelipa, watalipa, wanalipa, walilipa* na *wakilipa* zote zina herufi 8. Wamekwisha kulipa, watalipa, wanalipa, au walikuwa wakilipa: kwa mwanahistoria wa kodi hizo ni habari tofauti kabisa, na zote zimeingia kwenye vyumba viwili, cha tatu na cha nne.

Sasa linatazamwa umbo, na swali la kwanza ni moja tu: je, kuna wino wowote juu ya urefu wa herufi ndogo? L na k zina shingo ndefu, t ina kichwa kifupi, i ina nukta, na nukta, tulivyoona, hupigwa kwa nguvu. Tuseme vyumba vyote viwili vimetulia juu, hakuna hata kitone. *Wali-* na *waki-* zimeanguka, kwa kuwa nukta ya i ndiyo ingekuwa ya mwisho kufifia. *Wata-* nayo ni dhaifu sana. T za barua hii zimekaa juu ya mstari, na kivuli kilichomo kimekaa sawasawa. Zimebaki *wame-* na *wana-*.

Chumba cha tatu kina ukungu uliotanda ukuta hadi ukuta. Ukilinganisha na n tatu zinazosomeka kwenye ukurasa huo, zote zina weupe pembeni na miguu miwili. M za ukurasa zina miguu mitatu iliyobanana, na hugusa mipaka ya chumba. Ukungu umeegemea m. Kisha kinaulizwa chumba cha nne, na hapa herufi mbili zinashuhudiana, kwani m ikikubaliwa inayofuata lazima iwe e, na n ikikubaliwa lazima iwe a. *Wama-* na *wane-* hazipo. A ya taipureta ina kijiguu chini kulia kinachokanyaga mstari, na pengo ubavuni kushoto. E ina mgongo wa mviringo kushoto, na pengo lake liko kulia. Kama katika chumba cha nne kilichobaki ni upinde wa kushoto, vyumba viwili vimekubaliana na jibu ni *wamelipa*. Kama cha tatu kinasema m na cha nne kinasema a, jibu hakuna, na ukurasa urudiwe kuskaniwa.

Nakala huandikwa *wa[me]lipa*, mabano yakionyesha kilichosomwa kwa shida. Kama vyumba viwili vingekataa kabisa, ingeandikwa *wa[..]lipa*, nukta moja kwa kila herufi iliyopotea. Mnukuzi wa mwandiko hawezi kuandika hivyo kwa uaminifu, kwa kuwa hajui ni herufi ngapi. Ataandika tu kwamba neno halisomeki. Mnukuzi wa taipureta anajua hesabu, na ni kosa kuificha.

Mtaona kwamba sarufi ilikuja mwisho, baada ya jicho. Mimi nashikilia mpangilio huo kwa nguvu, maana Kiswahili ni lugha inayojaza mapengo kwa urahisi mno. Mara nyingine kinasaidia bila hatari: c katika maneno ya Kiswahili sanifu haikai bila h, kwa hiyo kinachoonekana kama c mbele ya herufi nyingine karibu siku zote ni e au o iliyokatika, isipokuwa kwenye majina ya watu na ya kigeni. Lakini tazama *walipa kodi* na *walipe kodi*. Herufi sawa, tofauti ni moja, ya mwisho. Ya kwanza inataja watu, ya pili inatoa amri. Chuma cha a na cha e ndivyo vinavyoziba uchafu wa wino upesi kuliko vyote, na sentensi nyingi za kiofisi zinakubali yote mawili. Hapo hakuna sarufi itakayokuokoa. Iko tu ile tofauti ya pengo, kushoto au kulia, na kijiguu cha a.

Namba ni ngumu zaidi kwa sababu hazina sarufi kabisa. Kwanza, mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Karani alipiga l ndogo, na mara nyingine O kubwa badala ya 0. Kwa hiyo *l95l* si kosa la karani, ni mwaka 1951 ulivyopigwa, na mnukuzi huandika 1951 baada ya kuamua kanuni yake na kuitaja mwanzoni mwa nakala. Pili, 3 na 8 hutofautiana kwa mapengo mawili tu ya kushoto, na utepe hafifu au chuma kilichoziba huyafuta. Dawa ni kujumlisha. Orodha ina Shs. 126/50, kisha 98/50, kisha namba isiyojulikana kama ni 35/- au 85/-, na jumla chini inasomeka 310/-. Mbili za kwanza ni 225/-, zimebaki 85/-. Ila jumla nayo iliandikwa na binadamu, basi 8 hiyo huwekwa kwenye mabano na hesabu inatajwa pembeni.

Makosa ya karani pia hayafanani na makosa ya mwandishi wa kalamu. Anayeandika kwa mkono hukosea kama anavyotamka au anavyosikia. Karani wa taipureta hukosea kwa jirani: r na t zimekaa pamoja kwenye mashine, kwa hiyo *habari* hutoka *habati*, a na s zimekaa pamoja, kwa hiyo *mwaka* hutoka *mwaks*. Ukiona wazi s mahali ambapo ulitarajia a, iamini, kwa kuwa chuma cha s hakiwezi kutoa a. Inukuliwe ilivyo, na alama ndogo ya kuonyesha kwamba ndivyo ilivyopigwa.

Karani aliyeliona kosa lake alirudi nyuma chumba kimoja na kupiga herufi sahihi juu ya ile mbaya. Chumba hicho sasa kina maumbo mawili. Usikitazame kama umbo moja la ajabu. Chukua herufi unayoitarajia kutoka mahali pengine kwenye ukurasa, iwaze juu yake, na tazama kinachobaki nje. Mara nyingi kinachobaki ni jirani wa ile herufi kwenye kibodi. Pale alipofuta neno zima kwa kulipiga *xxxxxx*, hesabu x upate urefu wa neno, kisha tafuta shingo zilizochungulia juu na mikia iliyochungulia chini, kwa sababu x haina shingo wala mkia. Neno lililofutwa mara nyingi ndilo lenye habari, kwa kuwa ni jambo ambalo mwenye barua alibadili mawazo juu yake.

Nilitaja wino wa utepe tu, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo kwenye mafaili ni kaboni. Ofisi ilipotuma barua, nakala ya juu ilikwenda kwa aliyeandikiwa na ya kaboni ikabaki kwenye faili. Kaboni hutambulika haraka: haina alama ya nyuzi za utepe, kingo zake ni laini kama zimelowa, na karatasi yake ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Pigo lililopita karatasi mbili tatu limepoteza ukali, hivyo nakala ya tatu au ya nne ina herufi zilizovimba na mapengo ya a na e yamejaa yote. Hapa ile sheria ya vidole inazidi nguvu, kwa kuwa kidole dhaifu hakikufika chini kabisa. Jambo moja la kutunza: masahihisho ya kalamu aliyoyafanya mwenye barua kwenye nakala ya juu mara nyingi hayapo kwenye kaboni, na yaliyoandikwa kwa mkono kwenye kaboni ni ya waliolitunza faili. Yanukuliwe kama sauti nyingine, tofauti na maandishi ya mashine.

Kinachoamua mengi ni skana. Ukurasa hafifu ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, mashine hulazimika kuamua kila nukta ni wino au ni karatasi, na vivuli vyote vya a hutupwa upande wa karatasi. Hakuna programu itakayovirudisha. Ukurasa wa taipureta iliyofifia uskaniwe kwa rangi, kwa nukta 400 kwa inchi au zaidi, na uhifadhiwe kama TIFF au PNG, kwani JPEG iliyobanwa hutia ukungu pembeni mwa herufi, mahali hasa ambapo tunatafuta kijiguu na pengo. Picha ya rangi ina tabaka tatu, nyekundu, kijani na bluu, na programu kama GIMP hukuonyesha kila moja peke yake. Kwa wino wa bluu juu ya karatasi iliyogeuka manjano, tabaka nyekundu ndiyo bora: karatasi hung'aa na wino hukolea. Kwa wino mwekundu, tazama tabaka ya kijani au ya bluu.

Programu za kusoma herufi kwenye picha, kama Tesseract ambayo ina moduli ya Kiswahili, hufanya kazi ya maana kwenye utepe mpya. Kwenye utepe uliochoka hushindwa kwa sababu ileile: mara nyingi hugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya kusoma, na zikikwama huvutwa kwenye maneno zinazoyajua. Zinaweza kukupa *walipa* safi kabisa pale ambapo karatasi haikusema a wala e, tena bila mabano. Matokeo yake yapitiwe chumba kwa chumba na mtu.

Kuna kitu kimoja ambacho skana kwa kawaida haikichukui vizuri. Pigo la chuma huacha shimo kwenye karatasi hata pale wino ulipokwisha, na mwanga wa skana mara nyingi huyafuta mashimo hayo. Ukiweka karatasi chini ya taa moja iliyolala upande, karibu usawa wa meza, mashimo hutupa vivuli na herufi hujitokeza bila wino wowote. Na nyuma ya karatasi hujitokeza kama vijivimbe, zikiwa zimegeuzwa. Piga picha hapo, pande mbili, taa ikiwa kushoto kisha juu. Maneno mengi yaliyokwisha kuwekewa nukta kwenye mabano husomwa kwa njia hii, mradi karatasi yenyewe ipo.

Kwa hiyo wewe uliye na sanduku la barua za marehemu babu, au daftari la mihtasari ya chama cha ushirika kijijini, ukishaziskani usizitupe na usizipige pasi au kuzipitishia mashine ya kupaka plastiki ili zinyooke. Joto na mgandamizo hulaza mashimo ya herufi, na yakishalala hayarudi. Ziweke bapa, mahali pakavu, kila karatasi kwenye bahasha yake, na picha zake kwa rangi pembeni.